Tununue Mifuko Mingapi kwa Safari Moja?

Mwezi Machi mwaka 2024 kikundi kimoja cha akina mama ninachokitembelea kilinunua mifuko 80 ya chakula cha kuku wa mayai kwa mara moja. Muuzaji wa mjini alikuwa amebandika karatasi ya bei ukutani. Mfuko wa kilo 50 ulikuwa shilingi 60,000. Ukinunua mifuko 40 au zaidi, kila mfuko ni shilingi 59,000. Ukinunua mifuko 80 au zaidi, kila mfuko ni shilingi 58,000.

Mweka hazina alifurahi. "Bwana Shamba," aliniambia, "tumeokoa shilingi 160,000 kwa siku moja."

Mwezi Mei, mvua za masika zikinyesha, mifuko ya chini iliota ukungu. Walitupa mifuko 6, yaani shilingi 348,000. Lakini nataka uone jambo jingine. Hata kama ukungu usingetokea, hesabu ya mifuko 80 ilikuwa na hasara. Tuifanye pamoja.

Kwanza tujue wanatumia kiasi gani. Kikundi kina kuku 280. Kuku mmoja anayetaga hula gramu 120 hivi kwa siku. Kuku wote hula karibu kilo 33 kwa siku, yaani mifuko 2 kwa siku 3, au mifuko 20 kwa mwezi.

Sasa kuna gharama za aina mbili, nazo huvutana. Ya kwanza ni gharama ya safari. Gari la kukodi, nauli ya anayekwenda kununua na chakula chake njiani ni shilingi 30,000. Fedha hizo hulipwa hata kama umeleta mifuko 10 au 40. Wapakizi hulipwa kwa kila mfuko, kwa hiyo usiwaweke hapa. Malipo yao hayabadiliki ukigawa mifuko katika safari nyingi au chache.

Gharama ya pili ni ya kuweka mfuko ghalani, na hii ndiyo watu wengi huisahau kwa sababu haina stakabadhi. Fedha za kununulia chakula zilitoka katika mfuko wa kukopeshana. Kama zisingelala ghalani, zingekopeshwa kwa wanachama kwa riba ya shilingi 3 kwa kila shilingi 100 kwa mwezi. Kwa mfuko wa shilingi 60,000, riba hiyo ni shilingi 1,800. Mwenye ghala hutoza shilingi 500 kwa kila mfuko kwa mwezi. Panya, mifuko iliyopasuka na unyevu huleta hasara ya shilingi 700 hivi. Jumla ni shilingi 3,000 kwa mfuko mmoja uliokaa mwezi mmoja.

Tuseme wananunua mifuko 20 kwa safari. Safari ni moja kwa mwezi, shilingi 30,000. Ghala linaanza na mifuko 20, kisha linapungua kila siku hadi kwisha. Ni sawa na kusema kwamba mifuko 10 ililala humo mwezi mzima. Mara shilingi 3,000, ni shilingi 30,000. Jumla ya gharama mbili ni shilingi 60,000.

Je, wakinunua mifuko 10 tu? Safari zitakuwa mbili, shilingi 60,000. Ghalani itakuwa kama mifuko 5, shilingi 15,000. Jumla ni 75,000. Na wakinunua 40? Safari moja itatosha miezi miwili, kwa hiyo kila mwezi ni shilingi 15,000. Ghalani itakuwa kama mifuko 20, shilingi 60,000. Jumla ni 75,000 tena.

Utaona kwamba kwenye mifuko 20 gharama mbili zililingana. Hapo ndipo jumla yake huwa ndogo kuliko kwingine kote. Kanuni ya kupata kiasi hicho iliandikwa mwaka 1913 na mhandisi wa Marekani, Ford Harris, naye alikuwa akifikiria viwanda, si kuku. Chukua matumizi ya mwezi, zidisha kwa 2, zidisha tena kwa gharama ya safari. Gawanya kwa gharama ya kuweka mfuko mmoja kwa mwezi. Kwetu ni 2 mara 20 mara 30,000, yaani 1,200,000. Gawanya kwa 3,000, unapata 400. Sasa tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 400. Ni 20.

Usihangaike sana kupata namba kamili. Wakinunua mifuko 25, gharama ni shilingi 61,500, yaani shilingi 1,500 tu zaidi. Ukikisia vibaya kidogo hutaumia. Ukikosea mara mbili au mara nne ndipo utaumia.

Sasa turudi kwenye karatasi ya ukutani. Kanuni ile haijui punguzo. Kwa hiyo punguzo likiwepo, jumlisha na bei ya chakula chenyewe, kisha linganisha kiasi chako na kila mahali bei inaposhuka.

Kwa mifuko 20 kwa safari, chakula cha mwezi ni shilingi 1,200,000. Ongeza gharama 60,000, unapata 1,260,000.

Kwa mifuko 40, chakula cha mwezi kwa bei ya 59,000 ni shilingi 1,180,000. Ongeza 75,000, unapata 1,255,000. Hapa punguzo linashinda kwa shilingi 5,000 kwa mwezi.

Kwa mifuko 80, chakula cha mwezi kwa bei ya 58,000 ni shilingi 1,160,000. Lakini mifuko hiyo ni ya miezi minne. Ghalani ni kama mifuko 40 muda wote, shilingi 120,000 kwa mwezi. Safari ni shilingi 7,500 kwa mwezi, kama gari litabeba tani 4 kwa mara moja. Jumla ni 1,287,500. Riba hupungua kidogo bei ikishuka, lakini kidogo hicho hakibadilishi jibu. Punguzo kubwa zaidi ndilo lenye hasara.

Zaidi ya hayo, ile hasara ya shilingi 700 haibaki 700 siku zote. Mwezi wa kwanza chakula huwa kizima. Kadiri kinavyokaa katika joto na unyevu, vitamini hupungua na ukungu huanza. Ukungu mwingine huleta sumukuvu. Ingiza mkono katikati ya mfuko. Ukikuta mabonge, joto au harufu ya uvundo, usiwape kuku. Kwa hiyo hata mifuko 40, ambayo ni ya miezi miwili, mimi nisingeinunua wakati wa masika kwa ajili ya faida ya shilingi 5,000. Wakati wa kiangazi ningeinunua, kwanza nikiuliza chakula kimetengenezwa lini, kisha nikiipanga juu ya mbao mbali na ukuta, na ya zamani ikitumika kwanza.

Nilipomwonyesha mweka hazina hesabu hii, aliuliza swali zuri: "Sasa tuagize mingine lini?" Gari lao huchukua siku 6 tangu kuagizwa hadi kufika. Kwa siku 6 kuku watakula mifuko 4. Basi wamechora mstari wa chokaa ukutani, na ikibaki mifuko 5 ghalani, mtu huondoka kwenda mjini. Ule mfuko wa tano ni kwa ajili ya siku gari litakapokwama matopeni.