Unafungua mgahawa Mikumi au Kilosa? Dakika 15 za jioni ndizo zinazoamua picha ya tangazo lako

Mgahawa umekamilika. Viti vimefika, mpishi yupo, na Jumamosi ndiyo ufunguzi. Kimebaki kitu kimoja tu: picha ya ukumbi ya kuweka kwenye tangazo. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Simu inatolewa saa 2 usiku, flashi inawaka, na picha inatoka na meza ya mbele nyeupe kama karatasi huku nyuma ni giza kama stoo.

Kwa mji kama Mikumi, picha mbaya ni hasara ya kweli. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam na Morogoro kwenda Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia inapita katikati ya mji, na ile ya Kidatu na Ifakara inachepuka hapo hapo. Msafiri anayetoka Dar huamua mahali pa kula akiwa bado yuko njiani, kwa kuangalia simu. Kilosa nako treni ya SGR inasimama tangu safari za abiria za kwenda Dodoma zianze Julai 2024, kwa hiyo anayeangalia tangazo si mwenyeji peke yake. Mtu ambaye hajawahi kufika anauhukumu mgahawa kwa picha hiyo moja.

Habari njema ni kwamba simu ya kawaida inatosha. Kinachotakiwa ni kuijua saa, kuzijua taa, na kujua wateja wakae wapi.

Kwa nini si mchana, wala si usiku

Jicho la binadamu linaona sehemu yenye mwanga mkali na yenye kivuli kwa wakati mmoja. Kamera ya simu haiwezi hivyo, inabidi ichague. Saa 9 mchana, nje ya dirisha kuna mwanga mwingi mno kuliko ndani. Simu ikichagua ndani, dirisha linageuka doa jeupe. Ikichagua nje, meza zinakuwa nyeusi. Migahawa mingi ya huku ina kuta fupi zilizo wazi juu, au ni banda la makuti lisilo na ukuta kabisa, kwa hiyo doa hilo linazunguka ukumbi mzima.

Saa 2 usiku tatizo linageuka. Nje ni giza tupu, dirisha linakuwa kama ubao mweusi, na ukumbi unaonekana umefungiwa. Makuti nayo ni ya rangi ya udongo, yanameza mwanga badala ya kuurudisha chini.

Katikati ya hizo mbili kuna muda mfupi ambapo mwanga wa nje umeshuka hadi kukaribiana na wa taa za ndani. Anga inakuwa ya bluu nzito, taa zinang'aa bila kuunguza picha, na miti ya nje bado inaonekana. Kwa Mikumi na Kilosa jua huzama kati ya saa 12:20 na saa 1 kasoro jioni kutegemea mwezi: mapema zaidi katikati ya mwaka, kwa kuchelewa zaidi Januari na Februari. Na kwa kuwa huku tuko karibu na ikweta, giza huingia chap. Kuanzia kama dakika 10 baada ya jua kuzama, mpiga picha ana kama dakika 15 hivi za kazi. Zikipita, asubiri kesho.

Taa: rangi moja, si mbili

Ukumbi mwingi una tyubu nyeupe darini na balbu za njano ukutani. Kwa jicho si shida, lakini kwa kamera ni vurugu. Simu inajaribu kusawazisha rangi ya picha nzima kwa kipimo kimoja. Ikifuata tyubu, balbu zinageuka rangi ya chungwa. Ikifuata balbu, tyubu zinapaka bluu kwenye nyuso za watu na kwenye wali.

Dawa yake ni rahisi: zima tyubu zote, acha balbu za njano. Kwenye boksi la balbu huwa kuna namba yenye herufi K. Balbu ya 2700K au 3000K ndiyo ya njano ile tulivu inayofaa mahali pa kulia. Ya 6500K ni nyeupe ya dukani. Ukinunua, nunua zote za namba moja, maana hata balbu moja tofauti itajitokeza kwenye picha.

Angalia pia rangi ya kitu kinachofunika ukumbi. Turubai la bluu juu ya meza linawafanya watu wote waonekane wagonjwa, na ukuta wa kijani kibichi unapaka ukijani kwenye nyama. Meza ya picha isogezwe mbali na vitu hivyo.

Flashi ya simu izimwe kabisa. Inafika mita chache tu mbele, na inafuta ule utulivu wa taa ambao ndio mteja anaitiwa.

Mfano wa jioni moja

Chukua ukumbi wa mita 6 kwa 8, wenye meza 6, balbu 4 za njano na tyubu 2. Ni Juni, jua linazama saa 12:20 hivi.

Saa 11 jioni wahudumu wanapanga meza. Meza ya mbele ndiyo inayobeba picha, kwa hiyo inapangwa kama itakavyokuwa siku ya ufunguzi: sahani, uma kushoto, kisu kulia, glasi safi, kitambaa kisicho na mikunjo. Glasi zinafutwa tena kwa kitambaa kikavu, kwa sababu alama za vidole huonekana zaidi taa ikiwa nyuma yake. Chupa za pilipili na tomato zenye vifuniko vichafu zinaondolewa. Ndoo, kreti za soda na waya wa chaja navyo vinatoka.

Saa 12 kamili simu inawekwa kwenye kona ya ukumbi, kwenye stendi au juu ya kreti iliyowekwa mezani, urefu wa kifua cha mtu. Kona inaonyesha kuta mbili, na hivyo ukubwa wa ukumbi unaeleweka. Simu isiinamishwe, la sivyo nguzo zitaonekana zinaanguka. Inatumika lenzi ya 1x. Ile ya 0.5x inavuta ukumbi uonekane mkubwa, lakini sahani za pembeni zinakuwa ndefu kama yai na mtu wa pembeni anavimba kichwa.

Saa 12:30 kazi inaanza. Mpiga picha anagusa skrini penye meza ya mbele na kubana kidole hadi mwanga ufungwe. Kwenye iPhone yanatokea maneno AE/AF LOCK. Kisha anashusha mwanga kidogo kwa kuteleza kidole chini. Simu ikiwa kwenye hali ya usiku, inaweza kuchukua sekunde 1 hadi 3 kwa picha moja, kwa hiyo anatumia kihesabu cha sekunde 3 ili mkono wake usiitikise.

Baada ya kila picha kadhaa anaikuza na kukagua sehemu tatu. Balbu: umbo lake linaonekana, au ni doa jeupe tu? Kama ni doa, mwanga ushushwe zaidi. Chini ya meza: miguu ya viti inaonekana, au ni shimo jeusi? Kama ni shimo, mwanga upandishwe kidogo. Ukutani: kuna michirizi myeusi iliyolala? Hiyo inatokana na umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, unaofanya taa za bei rahisi zipepese mara 100 kwa sekunde. Simu yenye hali ya Pro iwekwe kasi ya 1/50 au 1/100, na michirizi inapotea.

Saa 12:45 anga ya nje imeanza kuwa nyeusi. Kazi imekwisha.

Wateja wachache, si umati

Ukumbi mtupu unaonekana kama umefungwa. Ukijaa watu, meza hazionekani, na msomaji anaona hana nafasi. Kwa meza 6, watu kwenye meza 2 wanatosha: wawili katikati ya ukumbi, na familia ndogo kwa mbali. Meza ya mbele ibaki tupu lakini imepangwa. Msomaji anapoiangalia, anaona kiti chake.

Wateja wasitazame kamera. Waongee, washike vikombe, ila watulie sekunde hizo chache, maana mhudumu akipita na sinia kwenye hali ya usiku atatoka kama kivuli.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipuuza: ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na picha inayomtambulisha mtu inaingia kwenye taarifa zake. Mwenye mgahawa aombe kabla ya kupiga, aeleze picha itawekwa wapi, na aionyeshe kabla ya kuirusha. Kwa mtoto, aombwe mzazi. Asiyetaka akae mgongo kwa kamera, au ahamishiwe meza nyingine bila maneno mengi. Mtu ana sababu zake. Mgahawa unaoanza kwa ugomvi wa picha umeanza vibaya.

Kabla ya kurusha

Picha iwe na nafasi tulivu upande wa juu, penye dari au anga, ndipo yaandikwe maandishi: jina, tarehe, saa za kufungua, namba ya simu na alama ya jirani inayojulikana. Maandishi yasifunike meza ya mbele. Kwenye simu picha hiyo itaonekana kwa upana wa vidole vinne tu, kwa hiyo mistari mitatu mikubwa inasomeka kuliko kumi midogo.

Ukimtumia mtengeneza tangazo picha kwa WhatsApp, itume kama dokyumenti. Ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa, na giza la pembeni linageuka vipande vipande.

La mwisho ni ukweli. Viti vya kukodi, vyombo vya kuazima na maua ya siku moja vinaweza kupendezesha picha, lakini dereva aliyekata kona kuingia kwa sababu ya picha hiyo ataona tofauti akiwa bado mlangoni. Kitakachopigwa picha kiwe ndicho kitakachokuwepo mezani wiki inayofuata.