Mtoto Huanza Kucheza Kabla Mama Hajahisi: Sababu za Tofauti Kati ya Mimba Moja na Nyingine

Miongoni mwa maswali ambayo wauguzi wakunga huulizwa mara kwa mara katika kliniki za wajawazito ni hili: mtoto ataanza kucheza lini? Swali hilo huambatana na hofu pale mama anapolinganisha mimba yake na ya jirani, au na mimba yake mwenyewe iliyotangulia, akaona siku zimepita bila dalili yoyote.

Ifahamike kwanza kwamba mtoto huanza kujongea mapema sana. Kipimo cha ultrasaundi huweza kuonesha mijongeo yake ya awali tangu wiki ya 8 hivi ya ujauzito, zikihesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Lakini hata katika wiki ya 12 urefu wake ni sentimita 5 au 6 tu, naye huelea katika maji ya uzazi bila kuugusa ukuta wa mji wa mimba kwa nguvu inayoweza kuhisiwa. Kwa hiyo, kinachotofautiana baina ya mama na mama kwa kawaida si siku mtoto aliyoanza kucheza, bali siku mama aliyoanza kutambua.

Kwa mimba ya kwanza, wengi hutambua kati ya wiki ya 18 na ya 20. Mama aliyekwisha kuzaa huweza kutambua mapema zaidi, pengine wiki ya 16, kwa kuwa anakijua anachokitafuta.

Mguso wa kwanza haufanani na teke. Akina mama huueleza kama povu linalopasuka, samaki mdogo anayejigeuza majini, au mshipa unaorukaruka chini ya kitovu. Ni rahisi kudhani kuwa ni gesi, na hakika wengi hudhani hivyo kwa wiki nzima au zaidi. Gesi huzunguka tumboni, huambatana na chakula na hupungua inapotoka. Mguso wa mtoto huwa mfupi, hutokea zaidi sehemu ya chini ya tumbo, na hurudi siku zinazofuata ukiongezeka nguvu. Mama huutambua vyema akiwa amelala au ameketi kwa utulivu. Anayeshinda shambani au sokoni aghalabu huusikia usiku.

Sababu ya pili ya tofauti, ambayo haizungumzwi vya kutosha, ni mahali kondo la nyuma lilipojishikiza. Tuchukue mfano wa mama mwenye mimba ya pili, ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 5 Januari, 2025. Katika mimba ya kwanza alimsikia mtoto wiki ya 19, hivyo safari hii alitarajia kumsikia mapema zaidi. Wiki ya 19 ilitimia tarehe 18 Mei bila dalili yoyote. Mwishoni mwa mwezi huo alifanyiwa ultrasaundi, akamwona mtoto akirusha miguu kwenye skrini ilhali yeye mwenyewe hakuhisi kitu. Kondo la nyuma lilikuwa upande wa mbele wa mji wa mimba, likawa kama mto uliowekwa kati ya mtoto na ngozi ya tumbo. Alihisi mguso wa kwanza tarehe 8 Juni, wiki ya 22, tena pembeni mwa tumbo, mahali ambapo kondo halikufika. Kondo kukaa mbele si ugonjwa, wala si sawa na kondo lililoziba mlango wa kizazi.

Wakati mwingine kosa huwa katika hesabu. Mama asiyekumbuka tarehe ya hedhi, au aliyeshika mimba wakati hedhi yake haina mpangilio, huenda akaambiwa yuko wiki ya 21 kumbe yuko ya 17. Hii ni sababu mojawapo ya Shirika la Afya Duniani kupendekeza, mwaka 2016, kila mjamzito apimwe ultrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24. Kinyume chake, siku ya mguso wa kwanza haifai kukadiria umri wa mimba, kwa kuwa inategemea mambo mengi mno.

Iwapo wiki ya 24 imetimia na mama bado hajahisi chochote, aende kituo cha afya ili mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe na, ikibidi, apimwe kwa ultrasaundi.

Baada ya wiki ya 28 jambo la kuangalia hubadilika. Hapo mama huwa ameujua mwenendo wa mtoto wake, na kinachohitaji hatua ni mchezo kupungua au kukoma. Maelezo kwamba mtoto hutulia kuchezacheza anapokaribia kuzaliwa si sahihi: aina ya mijongeo huweza kubadilika kwa kuwa nafasi ni ndogo, lakini haipaswi kupungua. Kunywa soda au maji baridi kisha kungoja hadi kesho ni kupoteza muda. Mama afike kituoni siku hiyo hiyo, hata usiku, bila kusubiri tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi.