Kabla Mtoto Hajaenda Likizo kwa Shangazi

Shule za msingi za Tanzania zikikaribia kufungwa mwezi Juni, simu za ndugu huanza kulia. Mtoto atakaa nyumbani karibu mwezi mzima, wazazi wako kazini, na kule Dodoma yuko shangazi mwenye uwanja mpana na watoto wa rika lake. Baba anapiga simu: "Dada, likizo hii tunakuletea mwanao." Hapo hakuombwa mtu, amepewa taarifa. Mengi ya manung'uniko ya Julai huwa yameanzia kwenye simu hiyo.

Tuchukulie familia ya Kimara, Dar es Salaam, yenye binti wa miaka 9. Anayestahili kuomba ni baba, kwa kuwa ni dada yake, na simu hiyo ipigwe Mei, mtoto akiwa hayupo karibu. Ukimpa mtoto simu aseme mwenyewe "Shangazi, nataka kuja kwako," umemfunga mwenzako mdomo. Maneno yanayoacha mlango wazi ni kama haya: "Tulikuwa tunafikiria mtoto aje kwenu likizo hii. Zungumza na shemeji kwanza, nitakupigia Jumamosi." Huenda wanatarajia wageni wengine, au dada wa kazi naye anakwenda kwao mwezi huohuo. Zile siku chache za kusubiri humpa nafasi ya kukataa bila aibu.

Akikubali, zitajwe tarehe mbili. Ya kwenda wengi huikumbuka, ya kurudi huachwa hewani, "akichoka atarudi." Shule ikifunguliwa Jumatatu, binti wa Kimara arudi Jumatano au Alhamisi ya wiki inayotangulia, apate siku za kusuka nywele, kufua sare na kununua madaftari. Akirudi Jumapili usiku, nguo chafu zote za likizo zinamkuta mama siku ya kazi.

Nauli ina jambo ambalo wazazi hawalipigii hesabu. Kwa viwango vilivyotangazwa na LATRA mwaka 2024, treni ya SGR daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni shilingi 31,000, na mtoto wa umri huu hulipa nusu, yaani 15,500. Mama akimpeleka na kurudi peke yake, kisha akamfuata na kurudi naye, safari nzima inafika shilingi 155,000. Katika hizo, 124,000 ni nauli ya mama. Ndiyo maana inafaa kuulizia kwanza kama kuna ndugu anayesafiri siku hizo, hata ikibidi tarehe zisogezwe kidogo.

Fedha ya matumizi ndiyo inayotia watu haya. Ukiuliza "nikulipe shilingi ngapi?" shangazi atakasirika, na ana haki. Lakini mdomo mmoja zaidi unaongeza unga, sukari, mkaa na maji, na LUKU inaisha mapema. Njia iliyozoeleka ni kutuma bila kuuliza, kwa jina dogo: "Wifi, hii ni ya sabuni ya mtoto." Itumwe mtoto akishafika, pamoja na ya kutolea, na nyingine kidogo katikati ya likizo. Ya dawa ikae kando, na mjulishe shangazi kwamba ipo, asije akasubiri kukupata kwenye simu homa ikiwa imepanda.

Mambo ya ndani ya nyumba ni mazungumzo ya wifi kwa wifi, kwa sababu mama ndiye anayemjua mtoto. Aseme asiyoyapenda kusema: anakojoa kitandani, ana pumu, haogi bila kusukumwa. Mtoto aliyefichiwa siri yake ndiye anayeadhirika mbele ya binamu zake. Naye shangazi aseme taratibu zake: saa ya kulala, televisheni, kazi za mikono. Mtoto wa miaka 9 kuosha vyombo kwa zamu na wenzake si mateso. Zamu ikiwa yake kila siku huku wenyeji wakicheza, hapo pana jambo. Adhabu nayo itajwe wazi. Mzazi asiyetaka mwanawe achapwe aseme kabla ya safari.

Pia aulize mtoto atalala chumba gani na nani. Ni swali la kawaida, na shangazi mwenye busara haoni kwamba ametuhumiwa. Kisha wakubaliane siku ya simu, tuseme Jumapili jioni, mtoto azungumze peke yake. Asiyepewa simu wiki mbili mfululizo, afuatwe.

Kwenye begi asikose sweta. Asubuhi za Juni na Julai Dodoma ni za baridi na upepo, na watoto wa Dar hufika na fulana tupu.

Shangazi akisema mwaka huu haiwezekani, mshukuruni siku hiyohiyo na msimzungukie kwa bibi amshinikize. Shule hufungwa tena Desemba.