Skrini Inasema Dampa Iko Wazi

Asubuhi ya Julai jijini Nairobi, hewa ya nje ina nyuzi 14. Ndani ya jengo la ofisi lenye ghorofa kumi wafanyakazi wameketi bila kulalamika, hewa inayotoka darini ni ya baridi ya kutosha, na kwenye skrini ya chumba cha mitambo dampa ya hewa ya nje inaonekana imefunguka asilimia 100. Mtu yeyote angesema mambo ni sawa. Lakini chila inafanya kazi ya mchana wa jua kali.

Huu ni mfano tu, ila mafundi wa majengo makubwa wanaujua vizuri. Mtambo wa hewa huvuta hewa inayorudi kutoka ofisini na kuichanganya na hewa mpya ya nje. Dampa, yaani vibao vinavyozunguka mlangoni mwa mfereji wa hewa, ndizo zinazoamua kila upande uingize kiasi gani. Mchanganyiko huo hupita kwenye koili ya maji baridi, kisha feni huusukuma ofisini. Nje kukiwa na ubaridi, mtambo hufungua dampa ya nje kabisa ili ubaridi wa bure upunguze kazi ya chila.

Dampa ikikwama, hakuna anayehisi. Valvu ya maji baridi hufunguka zaidi na kufidia upungufu, ofisi inabaki na ubaridi uleule, na dalili pekee ni bili ya umeme. Asilimia 100 ile ya kwenye skrini nayo mara nyingi ni amri iliyotumwa kwa mota, wala haithibitishi kwamba vibao vimesogea.

Ndiyo maana watafiti wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, walitunga kanuni 28 zinazoitwa APAR. Kanuni hizo hulinganisha vipimo ambavyo mtambo tayari unavyo na kuuliza kama vinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Kanuni za aina hiyo zimo pia katika Mwongozo namba 36 wa ASHRAE, uliotoka mwaka 2018.

Turudi Nairobi. Hewa inayorudi ina nyuzi 24, ya nje 14, na sensa ya mchanganyiko inasoma 21. Sehemu ya hewa ya nje hupatikana hivi:

```
(MAT - RAT) / (OAT - RAT) = (21 - 24) / (14 - 24) = 0.30
```

MAT ni joto la mchanganyiko, RAT la hewa inayorudi, OAT la nje. Amri ni asilimia 100, lakini joto linasema asilimia 30. Kama dampa ingekuwa wazi kweli, mchanganyiko ungekaribia nyuzi 14. Tofauti ya nyuzi 7 inapita mbali kosa la kawaida la sensa, ambalo mwongozo ule hulikadiria kuwa kama nyuzi 3 kwa sensa ya mchanganyiko na 1 kwa sensa ya nje. Na hasara yake? Tuseme hewa ya kupelekwa ofisini inatakiwa iwe nyuzi 13, na feni huongeza nyuzi 1. Koili ingeshusha nyuzi 2 tu. Sasa inashusha 9.

Kanuni imeonyesha kosa, ila haijasema liko wapi. Fundi hutuma amri ya kufunga dampa, husubiri dakika kadhaa, kisha huifungua yote huku akitazama joto la mchanganyiko. Joto lisipobadilika, vibao havisogei. Mara nyingi mota inazunguka lakini kibano chake kimelegea kwenye mhimili. Likipanda na kushuka inavyopaswa, ila kila mara liko juu kwa nyuzi zilezile, sensa ndiyo ya kushukiwa. Inafaa pia kukumbuka kwamba ndani ya mfereji mpana hewa mbili hazichanganyiki vizuri, na sensa ya nukta moja inaweza kusoma upande mmoja tu. Sensa ndefu inayotandazwa katika upana wote wa mfereji huaminika zaidi.

Dampa hiyohiyo iliyokwama kwenye asilimia 30 isingegundulika siku ya joto, wakati amri yenyewe ni asilimia 30. Kwa hiyo kosa hujitokeza siku za baridi, na jaribio la kufungua na kufunga linafaa kufanywa kwa makusudi.

Dar es Salaam hesabu hii hukwama kwa sababu nyingine. Usiku, hewa ya nje na ya ndani zinaweza kukaribiana kwa nyuzi mbili au tatu, na kugawanya kwa tofauti ndogo hivyo hukuza kila kosa la sensa. Mwongozo huiamini hesabu ya sehemu ya hewa pale tu tofauti inapofika nyuzi 6. Huko pwani kuna kanuni nyingine isiyotegemea hali ya nje: valvu ya maji baridi ikiamriwa kufunga kabisa, hewa inayotoka kwenye koili haipaswi kuwa baridi kuliko iliyoingia. Ikiwa baridi kuliko kosa la sensa linavyoruhusu, na hali ikaendelea kwa nusu saa, valvu huenda inavuja.