Choroko Zilizochipua: Kusuuza Pekee Hakutoshi

Mwezi Mei mwaka 2011, watu wengi kaskazini mwa Ujerumani walianza kuharisha damu, na baadhi yao figo zikashindwa kufanya kazi. Maradhi yale yalipokoma, zaidi ya watu 3,800 walikuwa wameugua na zaidi ya 50 wamefariki dunia. Kwanza yalishukiwa matango, lakini uchunguzi uliishia kwenye mbegu za uwatu zilizoagizwa kutoka Misri, ambazo zilioteshwa na kuliwa mbichi katika saladi. Mwezi Juni mwaka huohuo, karibu na mji wa Bordeaux nchini Ufaransa, watu waliugua kwa bakteria huyohuyo baada ya kula supu iliyonyunyiziwa machipukizi. Hayo hayakutoka shambani Ujerumani. Yalioteshwa na wenyeji wenyewe, kidogo tu, kwa mbegu za kununua dukani.

Tunalikumbusha tukio hili kwa sababu uwatu umo majikoni mwetu, na kwa sababu familia za Arusha zinazootesha choroko na adesi nyumbani zinaweza kudhani kwamba usafi wa jikoni unatosha. Hautoshi. Bakteria huja na mbegu yenyewe. Huipata shambani kutokana na samadi, au inapoanikwa chini, au kwenye gunia lililopitiwa na panya, kisha hujificha katika nyufa ndogo za ganda ambamo maji hayafiki. Punje kavu haiwadhuru wala haiwalishi. Ikishaloweshwa na kuwekwa penye joto, wao nao huamka, na panapowafaa huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Siku tatu za kuotesha ni muda mrefu mno kwao.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Tuchukue kikombe kimoja cha choroko. Zichambue, utupe zilizovunjika na zilizooza, kisha zioshe mara tatu. Usitumie kamwe mbegu za kupanda zilizopakwa dawa. Adesi nyekundu zilizokobolewa nazo hazioti. Tafuta zile nzima zenye ganda. Loweka kwa vikombe vitatu vya maji yaliyochemshwa yakapoa, usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, weka choroko katika chupa pana iliyooshwa kwa maji ya moto, zisizidi theluthi moja ya chupa kwa kuwa zitafura, ufunike kwa kitambaa safi chepesi. Iinamishe chupa ili maji yachuruzike yote.

Zisuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa baada ya Alfajiri na baada ya Magharibi, na adhuhuri pia siku za joto. Kusuuza huondoa utelezi, hupoza mbegu na kuziingizia hewa, hivyo haziozi. Lakini hakuwatoi bakteria waliojificha ndani ya ganda. Miezi ya joto, mikia hufikia urefu wa sentimita moja au mbili kwa siku mbili au tatu. Baridi ya Juni na Julai inaposhuka kutoka Mlima Meru, ongeza siku moja au mbili. Zikinuka uchachu, zikiteleza hata baada ya kusuuzwa, au zikiota ukungu, zitupe. Lakini zisiponuka, usiseme ni salama: bakteria wa maradhi habadilishi harufu, rangi wala ladha.

Kwa hiyo kinga ya kweli ni moto. Mjamzito, mtoto mdogo hasa aliye chini ya miaka mitano, mzee, na yeyote ambaye kinga yake imepungua kwa maradhi au kwa matibabu, asile machipukizi mabichi hata kidogo. Mjamzito anaweza kupoteza mimba kwa bakteria wa listeria huku yeye mwenyewe akihisi homa ndogo tu, na figo za mtoto ndizo huharibika upesi kwa ekolai. Kuyapitisha kwenye maji ya moto hakutoshi. Yachemshwe au yakaangwe hadi yaive na mvuke utoke katikati. Na kwa kuwa sahani ya nyumbani huliwa na wote, sisi tunashauri yapikwe kwa ajili ya wote, katika mchuzi wa nazi au pamoja na mboga.

Maharage ni jambo jingine. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha ndani ya saa chache, na kuchipua hakuiondoi yote. Yakishaota, mwaga maji yake, yatie katika maji mapya, yatokote kwa nguvu nusu saa, kisha yaendelee kupikwa hadi yalainike. Moto mdogo wa muda mrefu usiofikia kutokota hauiharibu sumu hiyo.

Machipukizi yasiyopikwa siku hiyo yawekwe kwenye jokofu na yapikwe ndani ya siku mbili. Asiye na jokofu aoteshe kiasi cha chungu kimoja tu.