Spektra ya sumakuumeme

Spektra ya sumakuumeme ni mpangilio wa aina zote za mnururisho wa sumakuumeme kufuatana na urefu wa wimbi. Kuanzia mawimbi marefu hadi mafupi, aina hizo ni mawimbi ya redio, mikrowevu, infraredi, nuru inayoonekana, urujuanimno, eksirei na miali ya gamma. Zote husafiri katika ombwe kwa kasi ileile ya takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Tofauti yake iko katika nishati: kadiri wimbi lilivyo fupi, ndivyo kila fotoni inavyobeba nishati kubwa zaidi.

Matumizi na hatari

Mawimbi ya redio hubeba matangazo ya redio na televisheni. Mikrowevu hutumika katika simu za mkononi, rada na majiko, na infraredi katika rimoti na kamera zinazopima joto. Hatari kuu ya aina hizi tatu ni kupasha mwili joto zikiwa na nguvu nyingi. Nuru hutuwezesha kuona, lakini kulitazama Jua moja kwa moja huharibu retina ya jicho.

Urujuanimno huua vijidudu katika maji na huwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, ila pia huunguza ngozi na kusababisha saratani. Eksirei huonyesha mifupa, na miali ya gamma hutumika kutibu saratani na kutakasa vifaa vya hospitali. Aina hizi mbili hung'oa elektroni kutoka katika atomi na hivyo kuharibu seli. Kwa sababu hiyo mpiga picha za eksirei husimama nyuma ya ukuta wenye risasi.

Kwa nini urujuanimno huunguza penye baridi

Nishati ya fotoni hupatikana kwa kanuni E = hc/λ. Urefu wa wimbi (λ) ukiwa katika nanomita, nishati kwa elektronivolti ni karibu 1240 ÷ λ. Infraredi inayotoka katika mwili wa binadamu ina urefu wa karibu nanomita 10,000, hivyo fotoni yake ina eV 0.12 tu. Fotoni ya urujuanimno ya nanomita 300 ina eV 4.1, yaani zaidi ya mara 30. Ile ya kwanza hutikisa molekuli, nasi tunahisi joto. Ya pili inaweza kubadilisha viungo vya kikemia ndani ya DNA bila sisi kuhisi chochote wakati huo.

Tofauti hii huonekana kwenye Mlima Kilimanjaro. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Kwa makadirio ya kawaida, urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000 za kupanda, kwa kuwa hewa inayoupunguza ni chache zaidi. Kwa tofauti ya karibu mita 5,000, mpandaji hupokea takriban mara 1.6 ya kiasi cha Moshi (1.1 × 1.1 × 1.1 × 1.1 × 1.1). Theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mnururisho huo, ukampiga usoni kutoka chini, hata chini ya ukingo wa kofia.

Kwa hiyo mtu anayetetemeka kwa baridi anaweza kuungua. Macho yasiyo na miwani inayozuia urujuanimno hupata upofu wa theluji: saa kadhaa baadaye huuma kama yameingia mchanga, hutoa machozi na kushindwa kuvumilia mwanga. Kwa kawaida hupona baada ya siku moja au mbili. Mawingu mepesi hayatoshi kuwa kinga, kwani sehemu kubwa ya urujuanimno hupita.

Ngozi na melanini

Melanini hufyonza urujuanimno kabla haujafika ndani ya ngozi. Watu wenye ualbino wana melanini kidogo sana au hawana kabisa, hivyo hatari ya saratani ya ngozi kwao ni kubwa hata bila kupanda mlima. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili yao. Losheni hupunguza mnururisho unaofika kwenye seli, lakini hufutika kwa jasho na lazima ipakwe tena. Kofia pana, mikono mirefu na kivuli cha adhuhuri bado vinahitajika.

Kosa la kawaida katika mitihani

Wanafunzi wengi hujibu kwamba Jua huunguza ngozi kwa sababu ya joto lake. Joto la Jua tunalolihisi hutokana hasa na infraredi na nuru. Kuungua kwa ngozi hutokana na urujuanimno. Dalili ya kutofautisha ni muda: joto huhisiwa papo hapo, lakini wekundu na maumivu ya urujuanimno hujitokeza saa kadhaa baadaye.