Uasidi wa shabu unatoka wapi?

Yeyusha kipande cha shabu kwenye glasi ya maji, kisha chovya karatasi ya litmasi ya buluu. Itageuka nyekundu, ingawa hukutia asidi yoyote. Shabu ni chumvi ya salfeti yenye potasiamu na alumini. Salfeti ya potasiamu peke yake haibadilishi litmasi, kwa hiyo wa kushukiwa ni alumini.

Ndani ya maji, ioni ya alumini haikai peke yake. Huzungukwa na molekuli sita za maji, kila moja ikiwa imeielekezea oksijeni yake. Ioni hiyo ni ndogo mno na ina chaji chanya tatu, hivyo huvuta kwa nguvu elektroni za oksijeni. Oksijeni nayo hufidia kwa kuvuta elektroni inazochangia na haidrojeni, na kifungo chao hulegea. Molekuli ya maji iliyo jirani huichukua protoni iliyolegea:

[Al(H₂O)₆]³⁺ + H₂O ⇌ [Al(H₂O)₅OH]²⁺ + H₃O⁺

Hiyo ndiyo hidrolisisi. Asidi imetoka kwenye maji yenyewe. Metali iliyo katikati imeyalegeza tu. Ioni ya sodiamu ina chaji moja na umbo kubwa zaidi, haiwezi kazi hiyo, ndiyo maana maji ya chumvi ya mezani hayana uasidi.

Katika myeyusho wa kloridi ya alumini wa moli 0.1 kwa lita, takriban ioni moja katika kila 100 ndiyo iliyoachia protoni, na pH huwa karibu 3. Kwa chuma(III), ni karibu moja katika kila tano, na pH hushuka chini ya 2. Hapa kanuni ya darasani ya chaji na ukubwa inapwaya: ioni ya chuma(III) ni kubwa kuliko ya alumini, lakini ndiyo yenye asidi kali zaidi. Sababu ni kwamba chuma hushirikiana elektroni na oksijeni kwa karibu zaidi.

Chuma kina faida ya kujionyesha kwa macho. Fuwele za nitrati ya chuma(III) ni za zambarau hafifu, lakini zikiyeyuka maji huwa ya manjano au hudhurungi. Rangi hiyo ni ya ioni zilizokwisha poteza protoni. Ongeza asidi ya nitriki: mlingano unarudi nyuma, na manjano inafifia.

Mitambo ya kusafisha maji hulazimika kuhesabu uasidi huu. Salfeti ya alumini inapotiwa kwenye maji yenye tope, protoni huendelea kuchukuliwa na bikabonati iliyomo hadi hidroksidi ya alumini ijitenge kama utelezi mweupe unaonasa tope. Kila miligramu ya salfeti hiyo hula takriban nusu miligramu ya ualkali, ukipimwa kama kabonati ya kalsiamu. Maji laini ya mvua au ya mto yakikosa ualkali wa kutosha, pH huporomoka, alumini hubaki imeyeyuka na tope haligandi. Kuongeza dawa hapo huzidisha tatizo. Kinachohitajika ni chokaa.